Tangazo la kwanza la shangazi: kuunganisha simu na spika ya honi sokoni

Shangazi yangu anauza shuka na mapazia ya mtumba katika soko la Tandika, Temeke. Kwa miaka mingi alinadi kwa mdomo, na ikifika saa nane mchana sauti imekauka, anaonyesha bei kwa vidole. Mwaka huu alinunua amplifaya ndogo ya betri na spika moja ya honi, akanipigia simu. Mimi ni fundi wa vyombo vya muziki. "Njoo unifungie, mwanangu. Nataka kesho kutwa kitangaze chenyewe."

Ninaandika tulivyofanya, pamoja na kosa nililolifanya asubuhi ile, kwa sababu nimeshaona wafanyabiashara wengi wakikwama palepale.

Hatua ya 1: Rekodi kwanza, waya baadaye

Watu huanza na spika. Mimi huanza na rekodi, kwa sababu rekodi mbaya hairekebishwi na spika yoyote. Honi inapitisha vizuri sauti ya katikati, ile ya maneno ya mtu. Ukirekodi pale mezani huku bodaboda zinapita, honi itazitoa bodaboda hizo kwa nguvu ileile ya sauti yako.

Shangazi alikuwa na mahali pazuri bila kujua: chumba anachohifadhia mabelo. Nguo zilizobanwa hunywa mwangwi. Tuliingia tukafunga mlango. Alishika simu umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya mdomo badala ya mbele yake, ili pumzi za herufi "p" na "b" zisigonge kinasa. Akasema kama anavyomwambia mteja aliyesimama hatua tatu mbele yake, bila kupiga kelele. Hili watu hawaliamini mpaka walisikie. Ukipiga kelele kwenye simu, sauti inapasuka ndani ya rekodi yenyewe, na kilichopasuka humo hakishonwi tena. Kazi ya kukuza sauti ni ya amplifaya.

Maneno yake yalikuwa haya: "Karibu, karibu. Shuka za mtumba, moja elfu tano, mbili elfu tisa. Mapazia yapo. Karibu uchague." Kama sekunde kumi na mbili. Kisha nikamwomba anyamaze sekunde kumi na tano kabla ya kuzima kinasa. Ukimya huo ni sehemu ya tangazo: rekodi ikijirudia, ndio unaompa muuzaji nafasi ya kuongea na mteja, na jirani nafasi ya kupumua. "Karibu" mbili za mwanzo nazo zina kazi. Vipokezi vingi vya Bluetooth hulala kukiwa kimya, na vikiamka humeza silabi ya kwanza. Afadhali imezwe "karibu" kuliko imezwe "shuka".

Hatua ya 2: Funga honi na betri, vyote vikiwa vimezimwa

Amplifaya yake inatumia volti 12. Utaratibu wangu haubadiliki: swichi imezimwa, vitufe vyote vya kuzungusha sauti viko sifuri, kwanza waya mbili za honi, kisha betri. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Ukizigeuza za honi, honi moja italia vilevile. Ukizigeuza za betri, unaweza kuunguza amplifaya kabla hujasikia neno moja. Kwenye waya mwekundu weka fyuzi, karibu na betri, ya kipimo kilichoandikwa nyuma ya amplifaya.

Usihangaishwe na wati kubwa zinazoandikwa kwenye boksi. Amplifaya ndogo inayokula volti 12 moja kwa moja, ikiendesha honi ya omu 8, haitoi sauti safi kuzidi wati 9 hivi. Kwa njia moja ya soko hizo zinatosha kabisa, maana honi ina sauti kali hata kwa wati chache.

Betri yake ni ya ampea-saa 7. Betri ya asidi haipendi kukamuliwa mpaka mwisho, kwa hiyo hesabu nusu yake, 3.5. Amplifaya ikilia mfululizo na kula ampea 1, unapata saa tatu na nusu. Zaidi ya nusu ya mzunguko wa tangazo lake ni ukimya, hivyo kwake inafika karibu na jioni.

Hatua ya 3: Unganisha simu

Hapa ndipo nilipokosea. Saa moja asubuhi, njia imeanza kujaa, nikachukua simu yake anayoitumia kila siku. Nikafungua Bluetooth, jina la amplifaya likatokea kwenye orodha, nikaligusa, zikashikana. Tangazo likatoka. Shangazi akasimama mkono kifuani, anaisikiliza sauti yake ikienda mpaka kwa wauza ndoo. Mzee wa viatu upande wa pili akampigia makofi.

Mara ya tatu tangazo lilipojirudia, simu ikaita. Mlio ukatoka kwenye honi. Shangazi, kwa mazoea, akapokea, na sauti ya mwenzake wa kikoba ikajaa njia nzima: "Mama, hela ya wiki iliyopita bado hujaleta."

Nilichomoa waya wa betri haraka, lakini maneno yalikuwa yameshafika. Shangazi hakunigombeza. Alikaa juu ya belo akaanza kukunja shuka zilizokwishakunjwa. Niliumia, kwa sababu deni lile lilikuwa la siku mbili tu na hakuna aliyestahili kulijua.

Sababu yake ni rahisi. Amplifaya nyingi zenye Bluetooth hujitambulisha kwa simu kama kifaa cha muziki na pia kifaa cha kupokelea simu. Ukipokea, mazungumzo yanahamia huko. Dawa ya haraka ni kuwasha "Hali ya ndegeni" kisha kuirudisha Bluetooth peke yake. Lakini mfanyabiashara wa leo analipwa kwa simu. Ukiifunga mtandao, ujumbe wa malipo hauingii, na mteja anasimama na shuka mkononi akisema ameshatuma.

Kwa hiyo tumia simu nyingine isiyo na laini. Mjukuu wake alikuwa na moja kuukuu, kioo kimepasuka, spika yake ndogo imekufa. Kwa kazi hii inatosha. Nikahamishia rekodi humo, nikazima kengele zote za kuamsha, nikawasha "Hali ya ndegeni". Simu yake ya kila siku ikarudi kwenye kibeti.

Simu hiyo niliiunganisha kwa waya, kutoka tundu la hedifoni mpaka tundu lililoandikwa `AUX`. Waya haulali na hauhami kwenda kwa kifaa cha jirani. Una ujanja wake mmoja, nao ulitukuta: tulipobonyeza, muziki wa kujaribia ulisikika, mwembamba, lakini rekodi ya shangazi ilikuwa kimya kabisa. Akadhani imefutika. Haikufutika. Kava ya simu ilikuwa nene, kichwa cha waya hakikuzama chote, na mguso wa hasi ulikuwa haujashika. Hali hiyo ikitokea, kinachopita ni tofauti kati ya sauti ya kushoto na ya kulia. Muziki una tofauti hizo. Rekodi ya mtu mmoja kwa simu haina, pande zote ni sawa, kwa hiyo zinafutana. Ukisikia muziki lakini sauti ya mtu imepotea, vua kava, sukuma kichwa mpaka kilie "tik".

Hatua ya 4: Pandisha sauti kwa mpangilio

Simu kwanza: weka robo tatu ya kiwango chake. Ukiweka chini sana utalazimika kukaza amplifaya, nayo itakuza mchakacho wa waya pamoja na sauti. Ukijaza simu mpaka mwisho, baadhi ya simu huanza kukwaruza zenyewe. Kisha `BASS` ishushe karibu na sifuri: honi haitoi besi, besi inakula betri bure na inachosha utando wa ndani. Halafu pandisha kitufe cha sauti cha amplifaya polepole huku tangazo likijirudia. Sikiliza neno lenye nguvu kuliko yote, kwake lilikuwa "tano". Likianza kukwaruza, rudisha nyuma kidogo na uache hapo.

Kitu kimoja cha kuangalia mchana: shangazi alichomeka chaja ya simu kwenye betri ileile, na honi ikaanza kulia mluzi mwembamba. Simu na amplifaya zikila chanzo kimoja huku zimeungwa kwa waya wa sauti, kelele za chaja huingia kwenye honi. Chaji simu usiku, au tumia pawabanki.

Hatua ya 5: Elekeza honi, kisha nenda usimame kwa mteja

Honi inarusha sauti mbele kama tochi. Tuliifunga kwenye nguzo ya kibanda, juu ya vichwa vya watu, ikitazama urefu wa njia na kuinama kidogo. Mwanzoni nilikuwa nimeielekeza ng'ambo, kwa mzee wa viatu. "Mwanangu," akaniambia, "mimi sinunui shuka kila nusu dakika." Alikuwa na haki. Kabla ya kufunga, ongea na majirani na ofisi ya soko. Malalamiko ya kelele yanaweza kufika NEMC, baraza la taifa la mazingira, na ni vyema yaishie mezani kwenu.

Baada ya kufunga, usipime sauti ukiwa nyuma ya honi, kwani huko inasikika ndogo na mkono utataka kuongeza. Nilimwacha shangazi kwenye kitufe cha sauti, nikaenda mpaka kwa wauza ndoo, nikanyoosha mkono: juu, juu, chini kidogo, hapo.

Nikiwa bado nimesimama pale, dada mmoja mwenye kikapu akasimama, akageuka kushoto na kulia. "Kaka, hizo shuka za elfu tano ziko wapi?" Alizisikia vizuri. Hakujua pa kwenda, maana sauti ilikuwa inatoka juu na tangazo halikusema mahali.

Nikampeleka mwenyewe. Alipokuwa anachagua, shangazi alinyoosha mkono, akakishusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, wakaelewana bei wawili wao. Alichukua mbili. Alipoondoka, shangazi aliichomoa ile simu kuukuu kwenye waya, akaelekea chumba cha mabelo.

"Njoo unishikie mlango," akasema. "Niweke na 'mkabala na viatu, nguzo ya bluu'."