Kabla hujaandika "I wish": mambo ya kuzingatia

Mtu anayeandika "I wish I would have a car" huwa na sentensi sahihi kabisa kichwani: laiti ningekuwa na gari. Alizoea tangu shuleni kuitafsiri -nge- kuwa "would", na hapo ndipo anapopotea. Baada ya "I wish" na "if only", kazi ya -nge- hufanywa na kitenzi kilichorudishwa nyuma hatua moja ya wakati. "I wish I had a car" haizungumzii jana hata kidogo. Hiyo "had" inasema tu kwamba gari halipo, leo hii.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika matamanio, andika kwanza ukweli unaokusikitisha, kwa Kiingereza cha kawaida. Tuseme ukweli ni "I don't know her number", na mtihani unakutaka uanze na "I wish". Jiulize mambo mawili. La kwanza, ukweli huu ni wa lini? Ni wa sasa, basi "know" inarudi hatua moja na kuwa "knew". La pili, umekanushwa au haukukanushwa? Umekanushwa, basi matamanio yatakuwa kinyume chake, na ukanushi utaondoka: "I wish I knew her number." Ukweli ukiwa "I live far from school", ukanushi ndio utaingia: "I wish I didn't live far from school."

Sasa chukua ukweli wa jana: "I forgot my umbrella." Hapa wengi hukwama, kwa sababu kitenzi tayari kiko wakati uliopita na wanadhani hakiendi nyuma zaidi. Kinaenda. Tumia "had" pamoja na umbo la tatu la kitenzi: "I wish I had not forgotten my umbrella." Ukiandika "I wish I did not forget my umbrella", msomaji ataelewa kwamba una tabia ya kusahau mwavuli na unatamani usingekuwa nayo. Sentensi haina kosa la kisarufi, ila inasema jambo jingine, na ndiyo maana ni vigumu kuligundua kosa hilo ukiisoma peke yake. Lisome pamoja na ukweli ulioanza nao.

Uangalifu huu unatuhusu zaidi sisi kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku -nge- imeshika pia nafasi ya -ngali-. Tunasema "laiti ningejua" kwa jambo la sasa na kwa jambo la mwaka juzi, na msikilizaji anaelewa kutokana na muktadha. Kiingereza kinadai uchague: "if only I knew" ni kwamba hadi sasa sijui, "if only I had known" ni kwamba wakati ule sikujua.

Linabaki swali la "were". Kwa nini "I wish I were taller", wakati "I were" kwingine ni kosa? Kiingereza cha kale kilikuwa na maumbo mawili ya wakati uliopita, moja la mambo yaliyotokea kweli na jingine la mambo ya kudhania. Kwa kitenzi hiki, jambo la kweli lilikuwa "wæs", la kudhania "wǣre", hata kwa mtu mmoja. Karne zilivyopita, vitenzi vingine vyote vilipoteza tofauti hiyo ya umbo. "Were" peke yake imebaki. Kwa hiyo haina uhusiano wowote na wingi. Ni alama kwamba jambo halipo.

Katika mazungumzo utasikia "I wish I was taller" kutoka kwa Waingereza wenyewe, na hakuna atakayeshtuka. Kwenye mtihani, barua ya kazi au makala rasmi, andika "were". Lakini usiipachike kila penye "if". "If he was at the market yesterday, he saw the fire" ni sahihi kwa "was", kwa kuwa huenda kweli alikuwa sokoni, hatujui tu. Kipimo ni hiki: ukiweza kuongeza "na kweli sivyo" bila kuharibu maana, "were" inafaa.

Na "would" je? Inayo nafasi yake baada ya "wish", unapotaka mwingine abadili mwenendo wake: "I wish you would stop shouting." Kwa nafsi yako mwenyewe haitumiki hivyo. Na jambo la kesho ambalo bado lawezekana halihitaji "wish" kabisa, linahitaji "hope", na kitenzi hakirudi nyuma: "I hope she comes tomorrow."