SOMO: Kabla hujasaini na kiwanda kikutengenezee losheni ya jina lako

Naandika mara moja, inboksi imejaa swali lile lile: mkataba na kiwanda useme nini?

1. Bidhaa isajiliwe TBS. Andikeni nani analipia na cheti kinatoka kwa jina la nani.

2. FOMULA. Hapa ndo nililia. Nililipia fomula mpya kabisa, mkataba ukasema tu "kiwanda kitatengeneza losheni ya mteja", basi. Oda ya tatu wakapandisha bei, nikataka kuhama, naambiwa fomula ni yao. Nimebaki na lebo, na lebo inataja majina haitaji asilimia, kwa hiyo kiwanda kipya wakabahatisha na wiki mbili tu za joto la Dar losheni ikajitenga, mafuta juu maji chini. Kwa hiyo mkataba useme fomula niliyolipia ni mali yangu NA useme nakabidhiwa nini: asilimia ya kila malighafi, jina lake la kibiashara na anayeiuza, joto na mpangilio wa kuchanganya, pH. Onyo: kama wanakupa fomula yao ya siku zote wanabadilisha harufu tu, hiyo ni yao, usigombane.

3. Ubora. Mkikubaliana sampuli zisainiwe mbili, moja kwako moja kwao. Kila bechi ilinganishwe nayo: rangi, harufu, uzito, pH, na kipimo cha vijidudu. Salio ulipe baada ya majibu ya maabara, sio baada ya kupakia gari.

4. Oda ya chini. Wakisema chupa 1,000 uliza za nini. Chupa 1,000 za ml 200 ni lita 200, bechi moja, ukitaka harufu mbili ni bechi mbili yaani chupa 2,000. Na chupa yenye nembo ina kima chake, mimi niliambiwa 5,000, sasa zile 4,000 zinakaa kwa nani na mkiachana zinaenda wapi? Anza na chupa zisizo na nembo, ubandike stika.

MASWALI

Kibopa: Mkuu nitumie mkataba nikaprinti
– Soma namba 2.

Binti Tanga: Dada, kiwanda wanakataa kutoa asilimia, wanasema ni siri yao. Nifanyeje?
– Swali zuri mdogo wangu. Nakala ya fomula ikae kwa wakili kwenye bahasha iliyofungwa, na mkataba utaje lini inafunguliwa: kiwanda kikifungwa, kikishindwa kutoa oda kwa muda mliopanga, au ukilipa bei ya kuinunua ambayo mmeiandika toka siku ya kwanza. Bei ukiiacha wazi watakutajia ya kukukomoa.

Kibopa: si unakopi lebo ya losheni ya nje tu
– Nimeeleza yaliyonikuta. Kopi, utarudi.

Mama Zai: Pampu zangu zinavuja kwenye basi 😩
– Pole mama. Kabla ya oda jaza chupa kumi, zilaze ubavu usiku kucha juu ya gazeti. Gazeti likilowa, kataa.