Kabla ya kubonyeza Pair Plus, angalia Flush inalipa ngapi

Wanangu wa Mwanjelwa na Soweto hapa Mbeya mnaocheza poka ya karata tatu kwenye simu, fungueni kwanza jedwali la malipo. Pair Plus ni dau la pembeni lisilojali karata za mgawaji: ukipata pea tu, unalipwa 1 kwa 1. Tatizo liko kwenye Flush, yaani karata tatu za aina moja, tuseme kopa tupu. Jedwali zuri linalipa 4 kwa 1, na nyumba, yaani kasino, inabaki na asilimia 2.32 ya dau. Meza nyingine zinalipa 3 tu, mengine yote yakiwa yaleyale, na nyumba inapanda hadi asilimia 7.28. Flush hutoka karibu mara 5 katika 100, ndiyo maana pengo ni kubwa hivyo.

Kwenye Ante, dau la kushindana na mgawaji, nyumba inabaki na takriban asilimia 3.37, ikiwa unaendelea tu ukiwa na Malkia, 6 na 4 au zaidi. Kwa hiyo ukiweka 1,000 mara 100, kwa wastani Ante inakula 3,370. Pair Plus inakula 2,320 au 7,280. Ukiona 3, baki na Ante pekee.