Lita ngapi kwa sekunde? Kupima maji ya mfereji kwa tepi, rula na chungwa

Msimu uliopita wa mpunga, wenzetu walioko mkiani mwa mfereji hapa uwanda wa Kano, kando ya Ziwa Victoria, walilalamika kwamba zamu yao ya maji inafika mchana badala ya alfajiri. Waliopanga zamu wakajibu kwamba tawi lao la mfereji limepimwa, lina lita 144 kwa sekunde, na kila ekari imepewa dakika 25, muda ambao unatosha na kubaki. Asubuhi iliyofuata nilipima tawi hilohilo, mahali palepale, geti likiwa halijaguswa. Nikapata lita 75.

Aliyenitangulia hakudanganya. Alipima upana, akapima kina, akatazama kasi ya kitu kinachoelea, akazidisha. Lakini kina alikipima katikati, penye kina kirefu kuliko pote, na kasi aliichukua ya juu ya maji, ambayo inazidi ile ya maji yaliyo chini yake. Makosa yote mawili yananenepesha hesabu, hakuna hata moja linalopunguza, ndiyo maana lita zilikaribia kuwa maradufu. Nitaeleza nilivyopima mimi, kwa nambari zilezile za asubuhi ile.

Hatua ya 1: chagua kipande

Tafuta mita 10 za mfereji ulionyooka, upana wake usibadilike sana, pasiwe na geti karibu juu yake wala kalvati inayorudisha maji chini yake. Kabla ya kupima chochote, tupa nyasi kiganja kimoja majini uzitazame zikipita. Zikizunguka pembeni au kurudi nyuma, maji ya upande huo hayasafiri na hesabu itayahesabu kana kwamba yanasafiri. Hama hapo. Ukiridhika, funga kamba mbili kukatiza mfereji kwa vigingi, moja mwanzo wa zile mita 10 na nyingine mwisho.

Hatua ya 2: upana

Upana ni wa uso wa maji, kutoka pale maji yanapogusa ukingo huu hadi yanapogusa ule. Usipime kutoka tuta hadi tuta. Mimi nilipata mita 1.20 chini ya kamba ya kwanza.

Hatua ya 3: kina cha wastani

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo usiwe na haraka. Gawanya upana katika vipande vilivyo sawa, kisha pima kina kila baada ya kipande. Nilichukua kila sentimita 20:

```
Umbali (sm):   0   20   40   60   80  100  120
Kina (sm):     0   18   27   30   28   17    0
```

Jumla ya vina ni 120. Sasa tazama vizuri: nimepima vina vitano vyenye maji, lakini vipande ni sita. Gawanya kwa idadi ya vipande, yaani sita, upate sentimita 20. Ukigawanya kwa tano utapata 24, na hapo umeshaongeza maji kwa asilimia 20, kwa sababu umesahau kwamba kingoni kina kinakwisha. Kama mfereji ni wa saruji na kuta zake zimesimama wima, kingoni si sifuri. Chukua nusu ya kina cha kila ukingo, jumlisha na vya katikati, halafu gawanya kwa idadi ya vipande vilevile.

Udongo wetu mweusi una mtego wake. Rula ikishuka haisimami juu ya sakafu ya mfereji, inazama kwenye tope, na mkono hausikii tofauti. Sentimita 4 za tope kwenye kina cha 20 ni moja ya tano ya maji yako, na hayapo. Mimi nimepigilia kifuniko cha soda chini ya rula ya mbao ili ikanyage tope bila kulitoboa. Pia geuza ubapa wa rula ufuate mkondo. Ukiuweka kuukabili, maji yanapanda mbele yake na utasoma kina kikubwa kuliko kilichopo.

Mita 1.20 mara mita 0.20 ni mita za mraba 0.24. Nikarudia katikati ya kipande na kwenye kamba ya pili, nikapata 0.26 na 0.25. Wastani ni 0.25.

Hatua ya 4: kasi ya uso wa maji

Natumia chungwa. Linaelea sehemu kubwa ikiwa ndani ya maji, kwa hiyo linakwenda na maji badala ya kusukumwa na upepo, na rangi yake inaonekana hata maji yakiwa ya kahawia. Jani kavu au kijiti chepesi hupeperushwa.

Litie majini hatua mbili tatu juu ya kamba ya kwanza, katikati ya mkondo, ili lifike kwenye kamba likiwa na kasi kamili ya maji. Bonyeza saa ya simu linapopita kamba ya kwanza, bonyeza tena kwenye ya pili. Nilirudia mara tano: sekunde 26, 24, 25, 31, 25. Ile ya 31 chungwa liligusa nyasi za ukingoni, nililiona kwa macho, nikaiacha. Usiache kipimo kwa sababu tu kimekuwa tofauti na vingine. Kiache ukiwa umeona kilichokiharibu. Nne zilizobaki wastani wake ni sekunde 25. Mita 10 kwa sekunde 25 ni mita 0.40 kwa sekunde.

Hatua ya 5: kuishusha kasi

Maji yanayogusa sakafu na kuta yanakwaruzwa na udongo na magugu, hivyo yanajikokota. Yanayokwenda mbio ni ya juu na ya katikati, ambako ndiko chungwa lilikopita. Kasi uliyoipima lazima ishushwe iwe ya mfereji mzima. Kwa mfereji wa saruji laini zidisha kwa 0.85. Wa udongo uliosafishwa, 0.75 inatosha. Magugu mengi au mawe yakiwa yamejaa na maji ni ya kina kifupi, shuka hadi 0.65 au hata chini yake. Wetu ulikuwa wa udongo, umefyekwa juma lililotangulia, nikatumia 0.75.

```
Q = A x V x k x 1000
Q = 0.25 x 0.40 x 0.75 x 1000 = 75
```

A ni eneo la maji katika mita za mraba, V ni kasi ya uso wa maji, k ni ile nambari ya kushusha, na 1000 ni lita zilizomo katika mita moja ya ujazo. Jibu ni lita kwa sekunde.

Aliyenitangulia alifanya 1.20 x 0.30 x 0.40 x 1000, akapata 144.

Tofauti hiyo shambani

Ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi. Kuiweka maji ya sentimita 5 kunahitaji takriban lita 202,000, kabla ya kuhesabu yatakayonywewa na udongo. Kwa lita 144 kwa sekunde hiyo ni kazi ya dakika 23. Kwa lita 75 ni dakika 45. Kumbe kila mtu wa juu alipewa dakika 25, jaruba halikujaa, akaendelea kumwagilia hadi lijae, na kucheleweshana huko kukajilimbikiza hadi mkiani. Hakukuwa na mwizi wa maji. Zamu ilipangwa kwa maji ambayo mfereji haukuwa nayo. Tuliipanga upya kwa dakika 50 kwa ekari.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Ahero: Mwalimu, nimepima asubuhi nikapata lita 60, nikarudi saa tisa mchana nikapata 48. Geti ni lilelile. Nani amekosea?*

Kwanza weka alama kwenye kigingi pale maji yanapofika. Kama asubuhi na mchana maji yako kwenye alama ileile, basi kilichobadilika ni upepo. Mchana upepo wa ziwa unavuma kuja nchi kavu, na mifereji mingi ya huku inateremka kuelekea ziwani, kwa hiyo chungwa linakwenda likipigwa usoni. Shika kipimo cha asubuhi hewa ikiwa imetulia. Na kama alama imeshuka, maji yamepungua kweli.

*Kutoka Nyakach: Huku machungwa ni ghali. Chupa ya soda inafaa?*

Inafaa sana, ndugu yangu, ila ijaze maji hadi ibakie shingo tu juu. Chupa tupu ni tanga.

*Kutoka Njoro, Nakuru: Kijito changu kina upana wa nusu mita na kina cha sentimita 6, mawe kila mahali. Chungwa linakwama. Nifanyeje?*

Mama, hapo acha chungwa. Kijito chenye kina kifupi namna hiyo kina mawe yanayochukua nafasi ya maji na rula haiwezi kuyaona yote. Ziba kwa mifuko ya mchanga na udongo, uyapitishe maji yote kwenye bomba moja, usubiri yaliyojikusanya nyuma ya kizuizi yaache kupanda, kisha kinga. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 8, una lita 2.5 kwa sekunde. Ikijaa kabla hujabonyeza saa vizuri, tumia pipa la lita 200. Kwa maji machache, ndoo ni sahihi kuliko hesabu yoyote niliyoiandika hapo juu.

*Kutoka Awasi: Juu ya mfereji nilipata lita 75, mita 500 chini nikapata 70. Lita 5 zimekwenda wapi?*

Huenda hazijaenda popote. Njia hii, hata ikifanywa kwa makini, inaweza kupotoka kwa asilimia 10 hadi 20, kwa hiyo 75 na 70 zihesabu kuwa ni maji yaleyale. Usimshtaki jirani kwa lita 5. Ungepata 50 chini, hapo tembea ukingoni ukatafute mashimo ya panya, tuta linalovuja au bomba lililofukiwa. Lakini kwanza angalia kama kipande cha chini kina magugu kuliko cha juu, maana kila kimoja kinahitaji k yake.

*Kutoka Ahero tena: Vijana wangu wanapenda kuingia majini kulikimbilia chungwa. Kuna ubaya?*

Upo. Mifereji ya Kano ina konokono wa kichocho, na vijidudu vyake vinapenya ngozi bila mtu kusikia. Laza ubao kukatiza mfereji upimie kina juu yake, na anayelazimika kuingia avae gambuti. Chungwa lidakwe kwa ungo wa zamani uliofungwa kwenye mti mrefu, hatua mbili chini ya kamba ya pili, lisije likapunguzwa mwendo kabla halijavuka.