Wastani wa joto la siku: jinsi ya kuupata, na kwa nini "juu jumlisha chini gawa kwa mbili" ni makadirio tu

Kila jioni redio hututajia joto la juu na la chini la kila mji. Wengi wetu tunajumlisha namba hizo mbili, tunagawa kwa mbili, na kuita jibu wastani wa siku. Mimi nimefanya hivyo miaka mingi, na vituo vingi duniani vimefanya hivyo kwa zaidi ya karne. Jibu huwa karibu na ukweli, ila halifiki, na mara nyingi hukosea kuelekea upande mmoja. Hapa nitakuonyesha namna ya kulipima kosa hilo wewe mwenyewe.

Hatua ya 1: Pata vipimo vya saa 24

Unahitaji kipimajoto cha kielektroniki kinachojirekodi chenyewe. Kiweke kivulini, mita moja na nusu hivi juu ya nyasi, ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za vibao vilivyoachana ili upepo upite. Usikitundike ukutani. Ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa hutoa joto hadi usiku wa manane, na utakuwa unapima tofali badala ya hewa.

Hivi ndivyo vipimo vyangu vya siku moja ya Julai, Iringa, anga ikiwa nyeupe bila wingu. Vinaanza saa 6 usiku na kwenda saa kwa saa hadi saa 5 usiku unaofuata:

```
15.0 14.4 13.9 13.4 12.9 12.5
12.2 12.1 14.6 17.4 19.9 21.9
23.3 24.3 24.8 24.9 24.3 22.9
20.9 19.3 18.2 17.3 16.5 15.8
```

Hatua ya 2: Kokotoa kwa njia zote mbili

Viingize kwenye Excel, safu ya B, kuanzia mstari wa 2. Kisha andika:

```
=AVERAGE(B2:B25)
=(MAX(B2:B25)+MIN(B2:B25))/2
```

Ya kwanza inatoa nyuzi 18.0. Ya pili inatoa 18.5. Lakini kilele halisi cha siku kiliangukia katikati ya saa 8 na saa 9 mchana, nyuzi 25.2, na joto la chini kabisa lilikuwa 12.0, muda mfupi kabla ya saa 1 asubuhi. Vipimajoto vya juu na chini vya kituoni vingevinasa vyote viwili, na jibu lingekuwa 18.6. Siku tulivu kabisa, vifaa vizima, na bado tumezidisha zaidi ya nusu nyuzi.

Hatua ya 3: Tazama umbo la siku

Chora vipimo hivyo kwenye grafu, kisha pitisha mstari wa kulala kwenye 18.6. Hesabu: vipimo 10 viko juu ya mstari, 14 viko chini yake. Kosa limejificha hapo. Kugawa kwa mbili kunachukulia kwamba hewa hukaa juu ya katikati muda uleule inaokaa chini yake. Haifanyi hivyo.

Asubuhi jua likichomoza joto hupanda mbio. Kati ya saa 1 na saa 5 asubuhi lilipanda karibu nyuzi 10. Likishapita kilele hushuka haraka hadi machweo, halafu mwendo unapungua: ardhi inapoteza joto kidogo kidogo usiku kucha, nusu nyuzi kila saa, mpaka alfajiri. Kwa hiyo siku ina kilima kifupi cha mchana na mteremko mrefu wa usiku. Joto la juu ni la dakika chache tu, lakini kwenye hesabu yetu limepewa nusu ya uzito wote.

Siku ya mawingu mazito tofauti hupungua, kwa sababu kilima chenyewe ni kidogo. Pwani nako, ambako bahari huzuia joto lisipande wala kushuka sana, kosa huwa dogo kuliko nyanda za juu.

Siku mbaya zaidi ni ya mvua ya ghafla. Februari moja joto lilifika 27.4 muda mfupi kabla ya saa 8 mchana, wingu likapasuka, na kufikia saa 9 tulikuwa kwenye 19. Halikupanda tena. Alfajiri ya siku hiyo lilikuwa 16.2. Juu na chini zinatoa 21.8, vipimo vya saa 24 vilitoa 19.4. Hapo kosa ni nyuzi 2.4, kwa ajili ya saa chache za jua kabla ya mvua.

Hatua ya 4: Huna kifaa cha kurekodi? Soma mara tatu

Chama cha hali ya hewa cha Mannheim, Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1780, kiliwataka wapimaji wake wasome saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku. Ujerumani iliendelea kutumia saa hizo kwa muda mrefu, na kanuni yake ya wastani ilikuwa hii:

```
=(B9+B16+2*B23)/4
```

Kipimo cha saa 3 usiku kinahesabiwa mara mbili kwa sababu baada yake hakuna anayesoma mpaka asubuhi, saa 10 nzima, hivyo kinausimamia usiku. Kwa siku yetu ya Julai jibu ni 17.9, karibu kabisa na 18.0. Siku ya mvua inatoa 19.6. Si haba kwa vipimo vitatu.

Hatua ya 5: Ukibaki na juu na chini, chunga saa ya kurudisha kipimajoto

Kipimajoto cha juu hubaki kwenye kilele mpaka ukirudishe kwa mkono. Tuseme unasoma na kurudisha saa 10 jioni, siku ya joto, hewa ikiwa nyuzi 24.3. Kifaa kinaanza upya kikiwa 24.3. Kesho baridi inaingia, mchana haupiti 21, lakini jioni kifaa kitaonyesha 24.3, joto la jana. Siku moja ya joto imehesabiwa mara mbili. Mimi nasoma saa 3 asubuhi, na joto la juu naliandika kwenye tarehe ya jana, kwa kuwa ndiko lilikotokea.

Hatua ya 6: Usichanganye njia

Niliwahi kuletewa grafu ya miaka mingi ya kituo kimoja, na mwenye nayo ana hakika eneo lake limepoa nusu nyuzi ghafla. Nikamuuliza, "Mlibadilisha kifaa lini?" Mwaka uleule. Zamani waliandika juu na chini, kisha wakafunga mtambo unaojirekodi na kuanza kutumia wastani wa saa 24. Mtambo wenyewe bado una juu na chini za kila siku. Tulizitoa, tukakokotoa kwa njia ya zamani, na ule mporomoko ukatoweka.

Kwa kulinganisha miaka, basi, njia ya juu na chini inafaa, mradi iwe ileile mwanzo mwisho. Inapokuuma ni pale unapojumlisha siku. Anayetaka kujua mahindi yatakomaa lini kwa kujumlisha nyuzi ambazo wastani wa kila siku unazidi 10, akizidisha nusu nyuzi kwa siku 120, atakuwa na nyuzi 60 za ziada. Kwa joto kama la ile siku ya Julai, ambayo huchangia nyuzi 8 hivi, daftari lake litasema mahindi yamekomaa wiki moja kabla hayajakomaa shambani.