Pesa imekatwa M-Pesa lakini oda haijathibitishwa: jinsi ya kuomba irudishwe

Umeweka PIN, ujumbe wa M-Pesa umeingia, salio limepungua, lakini apu bado inasema "Pending". Usilipe tena. Nashughulikia malalamiko ya wateja katika duka la mtandaoni hapa Kenya, na malipo ya pili hunisumbua kuliko ya kwanza, kwa sababu yote mawili hupokelewa na moja tu ndilo linalofungua oda.

Pesa ikikatwa, M-Pesa hutoa taarifa mbili. Moja ni SMS inayokujia wewe, nyingine huenda kwenye mfumo wa muuzaji. Hii ya pili ikikwama, pengine kwa sababu seva ya muuzaji ilikuwa imezima dakika hiyo, pesa huwa imeshafika kwake lakini oda yako haijui. Ndiyo maana mtu wa kwanza kumwendea ni muuzaji.

Kwanza fungua ile SMS. Ikiwa hakuna SMS yoyote, piga *334# uangalie salio na taarifa ya miamala kabla ya kulalamika, maana huenda pesa haijatoka. SMS ikiwapo, soma maneno yake. Ikisema "sent to" kisha jina la biashara na "for account", ulilipa kwa Paybill. Ikisema "paid to" bila akaunti, ulilipa kwa Till. Kwenye Paybill, linganisha nambari ya akaunti herufi kwa herufi na ile uliyopewa.

Pili, mwandikie muuzaji. Nakili SMS yote kama maandishi, kwa sababu msimbo wa muamala una herufi na tarakimu 10, na kwenye picha tunachanganya 0 na O. Andika hivi:

"Nimelipa Ksh 1,200 leo saa mbili na dakika kumi na nne usiku. Oda yangu ni nambari fulani, na nimejisajili kwa simu fulani. Oda haijathibitishwa. Naomba mtafute muamala huu, mthibitishe oda yangu." Kisha bandika SMS.

Mhasibu akiwa na msimbo huo, huutafuta kwenye akaunti ya M-Pesa ya biashara na kuuunganisha na oda yako. Ni kazi ya dakika chache. Siku zinazopotea ni za kusubiri mtu afike kazini, hasa ukilipa Ijumaa usiku.

Hapo ndipo uamue: unataka oda au unataka pesa? Mama mmoja alilipia kwetu masomo ya mtandaoni ya mwanawe na kuandika akaunti KT41O7 badala ya KT4107. Paybill isiyokagua akaunti hupokea chochote, kwa hiyo pesa ilifika ikakaa bila mwenyewe. Usiku huohuo alituandikia sisi, na pia akatuma SMS kwa 456 kuomba muamala urudishwe. Asubuhi tukamfungulia masomo. Mchana mhasibu akaliona ombi la kurudisha, akalikubali, na masomo yakafungwa. Mtoto alikuwa katikati ya zoezi la hesabu. Iliniuma, kwa kuwa sote tulikuwa tumefanya alichoomba.

Ukiamua unataka pesa, mwambie muuzaji wazi kwamba unafuta oda, kisha sambaza SMS nzima kwa 456, au piga 100 ukiwa kwenye laini ya Safaricom ya malipo ya kabla. Pesa iliyofika kwa biashara hairudishwi bila biashara kuulizwa, kwa hiyo muda wake unategemea muuzaji atajibu lini. Kila siku mbili mkumbushe kwa msimbo uleule. Atakayekupigia akitaka PIN ili "akurudishie" ni mwizi. Kurudisha muamala hakuhitaji PIN yako.

Kama ulilipa kwa kadi, hesabu ni nyingine. Benki huanza kwa kuzuia pesa tu, na muuzaji asipoichukua, kizuizi huondoka chenyewe, kwa kawaida baada ya wiki moja hivi. Muuzaji akishaichukua, lazima yeye airudishe, na huonekana kwenye akaunti baada ya siku 5 hadi 10 za kazi. Akikataa, iandikie benki yako mapema kupinga malipo hayo, ukiambatisha mawasiliano yenu.

Pesa ya M-Pesa ikirudi, utapata SMS nyingine. Ukiona salio halijapanda, angalia kama una deni la Fuliza. Pesa yoyote inayoingia hulipa Fuliza kwanza, hata hii iliyorudishwa. Wengi hunipigia wakisema hawajarudishiwa, kumbe ile Ksh 1,200 iliingia na kuchukuliwa papo hapo, na SMS inayoonyesha hivyo wanayo kwenye simu.