Kutoka karatasi ya maabara hadi kilo za DAP: somo la fosforasi kwa mahindi

Mwezi wa pili ukiingia, swali ni lile lile: "Nimepima udongo, P yangu ni kadhaa, niweke mbolea ngapi?" Naliandika jibu mara moja hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha huku. Mfano ninaotumia ni shamba la mahindi la ekari moja upande wa Kakamega, udongo mwekundu wa mfinyanzi, pH 5.4, fosforasi 9 mg/kg kwa kipimo cha Mehlich 3.

Hatua ya 1. Chota udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu 10 hadi 15 ukizunguka shamba lote, uchanganye, utume nusu kilo. Usichote palipokuwa zizi, kwenye kichuguu, wala kwenye mstari ulioutilia mbolea msimu uliopita.

Hatua ya 2. Kwenye karatasi, tafuta jina la kipimo kabla ya kutazama namba. Olsen na Mehlich 3 hutumia dawa tofauti kuikamua fosforasi kutoka kwenye udongo ule ule, kwa hiyo namba hutoka tofauti. Kwa Mehlich 3, chini ya 30 hivi huhesabiwa kuwa kidogo. Kwa Olsen, mpaka huo uko karibu na 10. Maana yake 14 inaweza kuwa njaa au shibe, kutegemea aliyepima alitumia nini. Kipimo kisipoandikwa, piga simu maabara uulize. (mg/kg na ppm ni kitu kimoja, usihangaike hapo.)

Hatua ya 3. Soma kiwango kinachopendekezwa. Hapa hesabu yako haihitajiki: kiwango hutoka kwenye majaribio ya mashambani, ambako mahindi yaliwekewa viwango mbalimbali na mavuno yakapimwa. Kwa mahindi ya magharibi mwa Kenya kwenye udongo wenye fosforasi kidogo, kiwango kilichotumika miaka mingi ni kilo 26 za P kwa hekta. 9 yetu iko chini kabisa ya 30, basi tunashika 26.

Hatua ya 4. Geuza P kuwa P2O5. Someni hii polepole, kwa sababu hata mimi niliivuruga, na walioivuruga baada yangu ni wengi.

Maabara na watafiti huandika P, yaani fosforasi tupu. Mfuko wa mbolea huandika P2O5. Ndani ya mfuko wa DAP hamna P2O5 hata chembe. Ni desturi ya zamani ya kuhesabu iliyobaki kwenye lebo, na haitabadilika kwa ajili yetu. Fosforasi mbili zina uzito wa 62, oksijeni tano zina 80, jumla 142. Ukigawa 142 kwa 62 unapata 2.29, na hiyo ndiyo namba ya kukariri.

Kwa hiyo kilo 26 za P ukizidisha kwa 2.29 ni kilo 59.5 za P2O5, sema 60. DAP imeandikwa 18-46-0, na ile 46 ya katikati ni asilimia ya P2O5. Gawa 60 kwa 0.46: kilo 130 za DAP kwa hekta. Hekta moja ni ekari 2.47, basi kwa ekari ni kilo 53 hivi. Ni mfuko mmoja wa kilo 50 na kidogo juu, ndiyo maana ule mfuko mmoja kwa ekari wa wazee haukuwa mbali na ukweli kwa mashamba ya namna hii.

```
DAP kwa ekari (kg) = P kwa hekta x 2.29 / 0.46 / 2.47
```

Sasa tazama makosa yanavyouma. Ukiichukua 26 kana kwamba ni P2O5, unapata kilo 57 za DAP kwa hekta, ambazo kwa ekari ni 23. Mahindi yanabaki mafupi, majani ya chini yanageuka zambarau, na utalaumu mbegu. Ukikosea upande wa pili, karatasi imeandika "60 P2O5" nawe ukazidisha tena kwa 2.29, unafika kilo 298 kwa hekta, yaani 121 kwa ekari. Mifuko miwili na nusu badala ya mmoja! Shamba halitakufa, mfuko wako wa fedha ndio utakaokufa. Kabla ya kuzidisha chochote, weka kidole kwenye karatasi na uhakikishe herufi inayofuata namba: ni P au ni P2O5? Na kwa hekta au kwa ekari? Zipo karatasi zinazotoa pendekezo kwa ekari moja kwa moja, na hizo usizigawe tena kwa 2.47.

Hatua ya 5. Gawa kwa mashimo. Nafasi ya sentimita 75 kwa 25, mbegu moja kila shimo, ni mashimo 53,333 kwa hekta. Gramu 130,000 ukizigawia mashimo hayo ni gramu 2.4 kila shimo. Ukipanda 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, mashimo ni nusu na kila moja linapata gramu 4.9. Kwa anayefungua mstari kwa jembe, ni gramu 10 hivi kwa kila mita.

Hatua ya 6. Tia mbolea, funika na udongo, ndipo uweke mbegu. DAP ikigusa mbegu, amonia yake huichoma.

Maswali

Ondiek wa Nyando: P yangu ni 14. Niweke ngapi?

Jibu: 14 ya kipimo gani? Hatua ya 2.

Ondiek wa Nyando: Karatasi haisemi. Lakini si wewe ndiye unajua?

Jibu: Najua kuzidisha, sijui walichofanya maabara. Ikiwa ni Mehlich 3, hicho ni kidogo, tumia mfano wa juu. Ikiwa ni Olsen, umevuka mpaka na kilo 53 ni nyingi kwako. Simu moja itakuokolea maelfu ya shilingi.

Mama Butere: Samahani mwalimu, nimejaribu hesabu nyingine. Hekta moja kina cha sentimita 20 ni kama kilo milioni 2.4 za udongo, kwa hiyo 1 ppm ni kilo 2.4 za P. Nikitaka kutoka 9 hadi 30 napungukiwa 21, sawa na kilo 50 za P, karibu kilo 250 za DAP kwa hekta. Mbona yako ni 130?

Jibu: Mama, swali zuri, na hesabu yako ya uzito wa udongo ni sahihi. Kasoro iko mahali pengine. Ile 9 si kiasi cha fosforasi kilichomo shambani. Ni kile kidogo ambacho dawa ya maabara imeweza kukitoa, ishara tu ya jinsi udongo unavyoweza kulisha mmea. Ukitia kilo 2.4 za P, namba haipandi kwa 1. Udongo wetu mwekundu una oksidi za chuma na alumini ambazo hushika sehemu kubwa ya fosforasi unayotia, na dawa ya maabara haiioni tena. Kwa hiyo kilo 250 zako huenda zisikufikishe 30.

Lakini mahindi hayakuombi uifikishe hekta nzima 30. Mbolea ikikaa shimoni, karibu na mizizi, inagusa udongo kidogo tu, na udongo huo unashiba haraka na kuiachia mizizi kinachobaki. Hiyo ndiyo sababu 26 za P zinafanya kazi zikiwekwa shimoni. Ukizimwaga shamba zima kwa kutawanya, udongo unazimeza. Kupandisha namba ni kazi ya misimu mingi, si ya msimu mmoja.

Mama Butere: Nimeelewa. Basi hata kipimo cha msimu ujao kinaweza kubaki 9?

Jibu: Kinaweza, na hiyo haimaanishi mbolea haikufanya kazi. Pima tena baada ya misimu mitatu au minne, na uchote katikati ya mistari kama Hatua ya 1 inavyosema, usije ukapima mashimo ya mbolea.

Shamba Bora: Nimeona refu sana. Andika tu kilo kwa ekari moja.

Jibu: 53, kwa shamba ambalo si lako.

Njoro Juu: Mimi niko Njoro. Mehlich 3 imetoka 48. Niache DAP kabisa?

Jibu: Uko juu ya mpaka, kwa hiyo usitarajie mahindi yaonyeshe tofauti kubwa. Mimi ningerudisha kile mavuno yanachoondoa tu. Tani moja ya punje hubeba karibu kilo 3 za P. Ukivuna tani 4 kwa hekta, ni kilo 12 za P, sawa na kilo 27.5 za P2O5, sawa na kilo 60 za DAP kwa hekta au 24 kwa ekari. Nusu mfuko. Pesa inayobaki nunulia mbolea ya kukuzia, naitrojeni ndiyo inayokupungukia zaidi.

Kijana wa Bumula: Agroveti ya kwetu imeishiwa DAP, wana 23:23:0 tu.

Jibu: Gawa 60 kwa 0.23. Kilo 261 kwa hekta, karibu 106 kwa ekari. Ina naitrojeni 23 pia, kwa hiyo umepata kilo 60 za naitrojeni kwa hekta tangu kupanda, wakati DAP ingekupa 23 hivi. Punguza ya kukuzia, usiiongeze juu. Ila kwa shimo la mbegu moja ni gramu 4.9 sasa, kwa hiyo funika vizuri zaidi.

Mama Butere: Na kupima gramu 2.4 bila mizani ndogo? Watu hutumia kifuniko cha soda.

Jibu: Kifuniko kikijaa usawa wa ukingo hubeba kama gramu 5, lakini usiniamini mimi. Jaza vifuniko 100 vya mbolea yako, mimina kwenye mfuko wa plastiki, pima kwa mizani ya duka. Ikitoka nusu kilo, kifuniko ni gramu 5. Kwa mashimo ya sentimita 50, kifuniko kimoja ni sawasawa. Kwa mashimo ya 25, ni nusu kifuniko, na hapo ndipo wengi wanamaliza mfuko kabla ya kufika katikati ya shamba.

Njoro Juu: Na chokaa? Jirani yangu anaichanganya na DAP shimoni kwa pamoja.

Jibu: Asifanye hivyo. Chokaa ikigusana na DAP kwenye unyevu, amonia inatoka kama mvuke, utaisikia puani. Kwa pH 5.4 ya shamba letu la mfano chokaa inafaa, lakini itawanywe shamba lote na kulimiwa ndani wiki kadhaa kabla ya kupanda. DAP ingoje siku ya mbegu.